Kapu la uwekezaji likihama: vipimo viwili na njia tatu za kulirudisha

Haya ni kwa mtu aliyekwisha kuamua fedha zake zikae vipi, akaziweka, kisha soko likamvurugia mpango. Hisa zimepanda, hatifungani zimebaki palepale, na sasa daftari lake linasema kitu kimoja huku akaunti zikisema kingine. Anajua inabidi asawazishe, yaani aurudishe mgawanyo alioupanga. Asichojua ni kapu limehama kiasi gani, na ahamishe shilingi ngapi. Kila swali lina majibu zaidi ya moja, na majibu hayo huleta tarakimu tofauti kabisa kwa kapu lilelile.

Nitatumia kapu moja la mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye kapu ni mwalimu wa Tukuyu mwenye ekari chache za parachichi. Alianza na milioni 20, akapanga hivi: nusu iwe hatifungani za Serikali, asilimia 30 hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, na asilimia 20 vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambavyo anaweza kuvigeuza fedha ndani ya siku chache za kazi. Leo kapu limefika milioni 25:

| Sehemu | Lengo | Thamani leo | Asilimia leo |
|---|---|---|---|
| Hatifungani | 50 | 11,000,000 | 44 |
| Hisa | 30 | 9,500,000 | 38 |
| Ukwasi | 20 | 4,500,000 | 18 |

Vigezo vya kulinganisha

Njia za kusawazisha nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni kiasi kinachohama na gharama yake. Kuuza hisa DSE kwa miamala midogo hula asilimia 2 na kitu ukijumlisha dalali na ada za soko, na hapa nitatumia 2 kamili ili hesabu iwe nyepesi. La pili ni nafasi inayobaki: ukishasawazisha, hisa zinaweza kupanda kiasi gani tena kabla hujalazimika kurudi kwa dalali? La tatu ni kutekelezeka, maana kuna kiasi ambacho kwenye karatasi kinapendeza lakini huku kwetu huwezi kukinunulia kitu. La nne ni kile njia inachomdai mwenye kapu: muda, nidhamu, au fedha mpya.

Lakini njia zote hizo zinasimama juu ya kipimo, na kipimo kinasimama juu ya thamani ulizoingiza kwenye jedwali. Tuanzie huko, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari ya watu yako hapo, wala hayako kwenye kugawanya na kuzidisha.

Kabla ya kupima: thamani ipi?

Hisa hazina utata. Unachukua bei ya kufungia ya DSE, unazidisha kwa idadi ya hisa zako. Vipande vya Ukwasi navyo vina bei inayotangazwa. Tabu iko kwenye hatifungani. Wengi huandika kiasi kilichoandikwa kwenye hati, yaani kile ambacho Serikali itarudisha siku ya kuiva. Kwa mwalimu wetu ni milioni 11, na kama alinunua wakati kuponi, yaani riba ambayo hati hulipa, zilikuwa karibu na za sasa, hakuna tatizo kubwa, kwani bei ya soko itakuwa karibu na hiyo.

Sasa tuseme hati zake ni za zamani zaidi. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata kuponi za hati mpya zilishushwa, na ya miaka 25 ikawa asilimia 12.56. Aliyeshika ile ya zamani alikuwa na karatasi inayolipa zaidi kuliko mpya, kwa hiyo thamani yake sokoni ikapanda. Ukikokotoa kuponi zote zijazo kwa riba ya asilimia 12.56, kila shilingi 100 za hati ile zinatoka na bei ya 125 hivi. Milioni 11 inakuwa milioni 13.75.

Weka tarakimu hiyo kwenye jedwali uone. Kapu lote sasa ni milioni 27.75. Hatifungani ni asilimia 49.5, karibu kabisa na lengo. Hisa ni 34.2 badala ya 38. Mtu mwenye kanuni ya kuchukua hatua hisa zikifika 35 angeuza kwa jedwali la kwanza na angetulia kwa jedwali la pili, ilhali mali ni ileile. Hakuna hisa hata moja iliyoongezeka.

Kipi sahihi? Kwa anayeweza kuuza hati yake soko la upili, ambako wenye hati huuziana wenyewe, bei ya soko ndiyo ukweli, kwa sababu kusawazisha maana yake ni kulinganisha vitu unavyoweza kubadilishana leo. Kwa aliyeapa kushika mpaka siku ya kuiva, kiasi cha kwenye hati kinavumilika, ila ajue kwamba kipimo chake kitaonyesha hatifungani haziendi popote na mkengeuko wote, yaani umbali wa kapu kutoka kwenye lengo, utaonekana umetoka kwenye hisa. Mimi hupendelea bei ya soko iliyokadiriwa kwa uangalifu: unamuuliza dalali hati kama yako iliuzwa bei gani hivi karibuni, na kama haijauzwa muda mrefu, unatumia bei ya mnada wa karibuni wa hati ya muda huohuo, huku ukirekebisha tofauti ya kuponi. Baya kuliko yote ni kuchanganya, yaani mwezi huu bei ya soko na mwezi ujao kiasi cha kwenye hati. Hapo unapima mabadiliko ya mwandiko wako tu.

Kuna jambo jingine la huku nyanda za juu. Mvua zinaanza Novemba, na kabla yake watu wanatoa fedha Ukwasi kununua mbegu na mbolea ya kupandia. Ukipima kapu wiki hiyo, Ukwasi utaonekana umeporomoka na hisa zitaonekana zimevimba, wakati soko halijafanya lolote. Huo si mkengeuko, ni matumizi. Ama fedha ya shamba usiihesabu kabisa kwenye kapu, ama upime kila mwaka katika kipindi kilekile, baada ya mauzo ya mavuno na kabla ya msimu wa pembejeo. Mimi ningechagua la kwanza. Fedha ambayo ina tarehe ya kutumika kabla ya mwaka kwisha haina kazi kwenye mgawanyo wa miaka kumi.

Vipimo viwili: pointi au uwiano

Kipimo cha kwanza ni pointi za asilimia. Unatoa lengo kwenye asilimia ya leo. Hisa 38 toa 30 ni pointi 8 juu. Hatifungani ni pointi 6 chini, Ukwasi pointi 2 chini. Vilivyozidi na vilivyopungua lazima vilingane, 8 kwa 8, na visipolingana ujue kuna kitu umesahau kukihesabu, mara nyingi gawio lililokaa benki. Kipimo hiki kina sifa moja nzuri sana: kinageuka shilingi papo hapo. Pointi 8 za milioni 25 ni milioni 2, na hizo ndizo hisa zilizozidi.

Kipimo cha pili ni uwiano wa mkengeuko kwa lengo lenyewe. Pointi 8 gawanya kwa 30 ni asilimia 27: hisa zimezidi lengo lao kwa zaidi ya robo. Hatifungani zimepungua asilimia 12 ya lengo lao, Ukwasi asilimia 10.

Kwa sehemu kubwa za kapu vipimo hivi havigombani sana. Ugomvi unaanza kwenye sehemu ndogo. Chukua mtu aliyejitengea asilimia 5 tu kwa hisa za benki ndogo moja, akijua ni kitu cha kubahatisha. Bei ikipanda mpaka sehemu hiyo ikawa asilimia 9, kwa pointi imesogea 4, na mwenye kanuni ya pointi 5 hatashtuka. Kwa uwiano imezidi asilimia 80, karibu mara mbili ya hatari aliyokubali kuibeba. Ukigeuza upande wa pili, uwiano nao unachelewa kwenye sehemu kubwa. Hatifungani zenye lengo la asilimia 50 zingehitaji kushuka hadi 37.5 ndipo zitimize robo ya lengo, na kufika hapo kapu limekwisha kuwa kapu jingine.

Ndiyo maana kuna kanuni inayotumiwa sana na wawekezaji inayoshika vyote viwili: chukua hatua sehemu ikisogea pointi 5, au robo ya lengo lake, kile kinachotangulia. Vipimo hivi vinakutana kwenye lengo la asilimia 20, kwa sababu robo ya 20 ni 5. Sehemu zenye lengo la juu ya hapo zinaongozwa na pointi, na zilizo chini zinaongozwa na uwiano. Kwa kapu la mwalimu, lenye sehemu tatu zote kuanzia 20 kwenda juu, pointi peke yake inatosha. Mwenye kapu la vipande vidogo vidogo vingi anahitaji uwiano.

Ukiwa na simu au kompyuta, weka thamani kwenye safu ya B na malengo kwenye safu ya C kama asilimia, halafu:

```
=B2/SUM($B$2:$B$4)-C2
=C2*SUM($B$2:$B$4)-B2
=B2/C2-SUM($B$2:$B$4)
```

Mstari wa kwanza ni mkengeuko kwa pointi. Wa pili ni shilingi za kununua, na zikitoka hasi ni za kuuza. Wa tatu nitaueleza kwenye njia ya fedha mpya.

Mwalimu basi ana uzio wa pointi 5 kila upande. Hisa ziko 38 na uzio wao unaishia 35. Hatifungani ziko 44 na uzio wao unaanzia 45. Zote mbili ziko nje. Achukue hatua, lakini hatua ipi?

Njia ya kwanza: kurudi kwenye lengo kamili

Hapa unauza chote kilichozidi. Mwalimu anauza hisa za milioni 2, milioni 1.5 zinanunua hatifungani na laki 5 zinanunua vipande vya Ukwasi. Kapu linarudi 50, 30, 20.

Gharama ni shilingi 40,000 za kuuza hisa, kubwa kuliko njia nyingine. Lakini nafasi inayobaki nayo ni kubwa. Hisa zikiwa milioni 7.5 na vingine vikisimama, zitahitaji kupanda karibu asilimia 26 ndipo zifike 35 tena. Kwa mtu anayechoka kufuatilia, huo unaweza kuwa utulivu wa muda mrefu.

Kuhusu kutekelezeka, upande wa kununua hauna shida. Mnada wa hatifungani wa Benki Kuu unapokea kuanzia milioni 1 na nyongeza za laki moja moja, kwa hiyo milioni 1.5 inaingia vizuri. Shida inaweza kuwa upande wa kuuza. DSE ina kampuni chache ambazo hisa zake zinauzwa na kununuliwa kila siku, na nyingine ambazo oda ya milioni 2 inaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi wa bei unayoitaka. Dalili ni rahisi kuiona: ukikuta bei ya kufungia ya kampuni haijabadilika kwa wiki kadhaa na kiasi kilichouzwa ni sifuri siku nyingi, ujue bei uliyoingiza kwenye jedwali lako ni ya kumbukumbu tu. Uza kwanza zile zinazotembea.

Njia hii inadai nidhamu ya moyo. Unauza kitu kilichokupa raha na kununua kilichokaa kimya. Mama mmoja wa Rungwe aliyepitia hesabu kama hii na mimi alinikatiza: "Sasa mwanangu, si ni kukata mti unaozaa huo?" Nilimjibu kwamba haukatwi, unapunguzwa matawi. Na hisa za milioni 7.5 bado zinabaki kuzaa. Hakuridhika sana, na kwa haki, maana hisa zikiendelea kupanda mwaka mzima baada ya kuuza, aliyesawazisha atapata kidogo kuliko jirani aliyekaa kimya. Kusawazisha kunakuzuia usibebe hatari usiyoichagua. Hakuahidi faida zaidi.

Inamfaa mtu mwenye gharama ndogo za kuuza, au anayepima mara chache, tuseme mara moja kwa mwaka. Inavifaa pia vikundi, na nitavirudia baadaye.

Njia ya pili: kurudi kwenye ukingo wa uzio, au nusu ya njia

Wanaoitetea njia hii wanasema hivi: kama pointi 35 inakubalika, kwa nini niuze mpaka 30? Uza mpaka uguse ukingo, basi. Kutoka 38 hadi 35 ni pointi 3, yaani shilingi 750,000. Gharama ni 15,000. Fedha yote ikienda hatifungani, zinapanda hadi asilimia 47 na kuingia ndani ya uzio.

Gharama ni ndogo kweli, chini ya nusu ya njia ya kwanza. Nafasi inayobaki, hata hivyo, ni sifuri. Hisa ziko juu ya mstari kabisa, zikipanda kidogo wiki ijayo umetoka nje tena. Kwa mfuko mkubwa wenye wafanyakazi wa kukaa kwenye skrini, hilo si kitu, wanauza kidogo kidogo kila inapobidi. Kwa mwalimu ambaye kila kuuza ni kumpigia dalali, kusubiri oda, kisha kungoja siku za malipo, ni usumbufu.

Kutekelezeka ndipo njia hii inapokwama. Shilingi 750,000 haifiki kiwango cha chini cha mnada. Atafanya nini? Anaweza kutafuta hati ndogo soko la upili, ambako huenda asipate ya kiasi hicho. Anaweza kununua vipande vya Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, ambavyo havihitaji milioni nzima, ila akumbuke kwamba mfuko si sawa na hati yake mwenyewe, kwani hauna tarehe ya kuiva. Au anaweza kuiacha fedha Ukwasi ikisubiri kujumlishwa na kuponi ijayo, na wakati huo Ukwasi utakuwa 21 na hatifungani zitabaki 44, bado nje ya uzio. Kwa hiyo amelipa ada na tatizo moja kati ya mawili limebaki.

Hapa nusu ya njia inasaidia. Badala ya kuishia 35, shuka hadi katikati ya ukingo na lengo, yaani 32.5. Ni pointi 5.5, shilingi 1,375,000, gharama 27,500. Milioni 1.3 inaingia mnadani na 75,000 inakwenda Ukwasi. Hatifungani zinafika asilimia 49 na kidogo, na hisa zinapata nafasi ya kupanda kama asilimia 12 kabla ya kugusa ukingo tena. Sikutegemea, nilipoanza kuzilinganisha njia hizi, kwamba kiwango cha chini cha mnada ndicho kingeamua mambo kuliko nadharia yoyote. Lakini kwa makapu ya ukubwa huu ndivyo ilivyo.

Ukingo unamfaa mwenye kapu kubwa ambapo pointi 3 tu ni milioni kadhaa, na anayefuatilia soko kila wiki kwa hiari yake. Nusu ya njia inamfaa mtu wa kati, anayejali ada lakini hataki kurudi kwa dalali kila mara.

Njia ya tatu: kuacha kuuza, na kujaza kwa fedha mpya

Hapa huuzi chochote. Kila shilingi inayoingia, iwe kuponi, gawio, akiba ya mshahara au mauzo ya shamba, inakwenda kwenye sehemu zilizopungua mpaka uwiano urudi wenyewe.

Swali ni zinahitajika shilingi ngapi, na jibu huwashangaza watu. Chukua thamani ya hisa, gawanya kwa asilimia unayoitaka, utapata ukubwa ambao kapu linatakiwa kufikia. Toa ukubwa wa sasa. Huo ndio mstari wa tatu wa hesabu niliyoandika juu. Kurudisha hisa hadi 30 kamili: milioni 9.5 gawanya kwa 0.30 ni milioni 31.67, toa 25, inabaki milioni 6.67. Kumbe kazi ambayo kuuza milioni 2 kungeifanya inahitaji fedha mpya zaidi ya mara tatu. Sababu ni kwamba ukiuza unapunguza upande mmoja na kuongeza mwingine kwa pamoja, lakini ukijaza unakuza kapu zima huku hisa zikikaa palepale.

Kurudi ukingoni tu, asilimia 35, kunahitaji milioni 9.5 gawanya kwa 0.35, toa milioni 25: shilingi 2,142,857. Hiyo inafikika. Tuseme parachichi zimempa mwalimu milioni 2.2 za kuweka. Kwenye kapu la milioni 27.2, hatifungani zinatakiwa ziwe milioni 13.6, zimepungua milioni 2.6, Ukwasi unatakiwa uwe milioni 5.44, umepungua kama laki 9.4. Anagawa fedha yake kwa kadiri ya upungufu: milioni 1.6 mnadani, laki 6 Ukwasi. Matokeo ni hatifungani asilimia 46, Ukwasi karibu 19, hisa chini kidogo ya 35. Zote ndani ya uzio, na hakuna hisa iliyouzwa.

Gharama ya kuuza ni sifuri. Nafasi inayobaki karibu sifuri pia, hisa zimesimama mlangoni. Utekelezaji ni rahisi kuliko njia zote, maana hakuna kusubiri mnunuzi. Inachodai ni fedha mpya inayotosha na inayokuja kwa wakati, na hapo ndipo inapochelewesha watu. Kuponi zake pekee, tuseme asilimia 12 ya milioni 11, ni milioni 1.32 kwa mwaka, zikilipwa 660,000 kila miezi sita. Kwa kuponi tu angefika ukingoni baada ya malipo manne, miaka miwili, na hiyo ni kama hisa hazitapanda tena katikati. Miaka miwili ni muda mrefu wa kubeba hatari usiyoipanga.

Kadiri kapu linavyokua, ndivyo njia hii inavyochoka. Kapu la milioni 3 linasawazishwa na akiba ya miezi michache. Kapu la milioni 80 linahitaji fedha mpya ambazo mshahara hautaziona.

Kwa hali gani, njia ipi

Mwenye mshahara na kapu changa, tuseme mtumishi wa Mbeya mjini anayeweka akiba kila mwezi: fedha mpya inamtosha. Akiba ya mwezi huu iende kwenye sehemu iliyopungua zaidi, na auze tu siku sehemu fulani itakapokuwa nje ya uzio na akiba ya mwaka mzima haitoshi kuirudisha. Hesabu ya mstari wa tatu ndiyo itakayomwambia.

Mkulima mwenye kipato cha mafungu, awe wa kahawa Mbozi au parachichi Njombe, apime akishalipwa na akishatenga ya pembejeo. Fungu likitosha kufika ukingoni, ajaze. Lisipotosha, achanganye: ajaze kwanza, apime upya, kisha auze kilichobaki kwa nusu ya njia. Kufuata mpangilio huo kunapunguza mauzo. Mwalimu wetu angekuwa na milioni 1 tu, hisa zingeshuka hadi asilimia 36.5 bila ada, na kufika 32.5 kungehitaji kuuza milioni 1.05 badala ya 1.375.

Mwenye msitu wa mbao Mafinga anayevuna mara moja baada ya miaka mingi ana tatizo tofauti. Fungu lake linaweza kuwa kubwa kuliko kapu lenyewe, na fedha yote ikiingia Ukwasi siku moja, jedwali litapiga kelele. Asihesabu mkengeuko siku hiyo. Aandike malengo ya kapu jipya kwa shilingi na anunue kuelekea huko mnada kwa mnada.

Mstaafu hana fedha mpya, ila ana matumizi, na matumizi nayo yanasawazisha. Atoe kwenye kilichozidi. Kwa kapu letu la mfano, akiuza hisa za shilingi 1,154,000 hivi na kuzitumia, hisa zinashuka hadi 35 bila kununua chochote. Aangalie tu tarehe kampuni inapofunga daftari la wanahisa kwa ajili ya gawio. Akiuza siku chache kabla yake, gawio linakwenda kwa mnunuzi.

Kikundi cha kuweka na kukopa cha Iringa chenye kapu la pamoja ningekishauri njia ya kwanza, mara moja kwa mwaka, kwenye mkutano mkuu. Ada itakuwa kubwa kidogo. Lakini lengo kamili halina mjadala: kila mwanachama anaweza kurudia hesabu kwa kalamu na kupata tarakimu ileile, wakati ukingo na nusu ya njia vitaleta swali la kwa nini mwaka huu tumeishia hapa na si pale. Waandike pia kwenye muhtasari bei ya hatifungani waliyotumia na waliipata wapi, ili katibu wa mwaka ujao asianze na bei ya aina nyingine.

Na mwenye kapu ambalo hisa zake nyingi ni za kampuni zisizouzika, asiweke uzio wa pointi 5 kama wenzake. Auongeze hadi 8 au 10, na wakati wowote mnunuzi wa bei ya haki anapojitokeza, amuuzie mpaka lengo kamili, hata kama uzio haujaguswa.